"Maliki" au "maaliki"? Visomo saba na maneno ya aya

Swali: Assalamu alaikum ustadhi. Mimi mtu wa Tanga, siku hizi naishi Brussels. Imamu wa msikiti wetu ni Mmoroko. Kwenye Fatiha anasoma "maliki yaumiddini", haivuti ile "maa" kama tulivyofundishwa chuoni, na bismillahi hatuisikii. Nilipomuuliza alicheka, akasema hiyo ni Warsh, katika visomo saba. Hivyo visomo saba ni nini hasa? Maneno ya Kurani yanatofautiana kweli au ni sauti tu? Na mwanangu anasoma madrasa pale pale, nimwache aendelee?

Jibu: Waalaikumu salamu warahmatullahi wabarakatuh. Imamu wako hakukosea. Katika wale wasomaji saba, wanaovuta "maa" katika neno hilo ni wawili tu, Asim na Kisai, na wote wawili ni watu wa Kufa, Iraki. Watano waliobaki husoma kwa mkato: Nafii wa Madina, Ibn Kathir wa Makka, Abu Amri wa Basra, Ibn Amir wa Damaski, na Hamza, ambaye naye ni wa Kufa. Kwa hiyo katika neno hili sisi tuliokulia vyuo vya pwani ndio tulio na wachache. Hatuhisi hivyo kwa sababu msahafu uliotufikia ni wa Hafs, na Hafs alichukua kwa Asim, aliyekuwa pia baba yake wa kambo.

Chukua msahafu ulio nao nyumbani uliangalie neno lenyewe. Kwenye mstari utakuta herufi tatu: mimu, lamu, kafu. Alifu haimo. Kinachokufanya uvute ni kijialifu kidogo kilichosimamishwa juu, ambacho kimeongezwa baadaye ili kumsaidia msomaji. Kiondoe, na irabu zote ziondoe, utabaki na umbo tupu ambalo laweza kusomwa "maliki", mfalme, na laweza kusomwa "maaliki", mwenye kumiliki. Wote saba wanakubaliana kwamba umbo ni hilo. Wanachotofautiana ni jinsi walivyolisikia likisomwa na walimu wao.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Sayyidna Uthman alipoamuru misahafu inakiliwe katikati ya karne ya 7 na kupelekwa kwenye miji mikubwa, misahafu ile haikuwa na irabu wala nukta za kutofautisha herufi kama tulizozoea. Kwa wakati huo haikuwa kasoro. Kurani ilikuwa inakaa vifuani, na karatasi ilikuwa ya kushuhudia. Mtu hakufungua msahafu akajisomea tu, alikaa mbele ya mwalimu aliyekaa mbele ya mwalimu mwingine, mpaka kwa sahaba aliyemsikia Mtume (s.a.w.). Kufa, kwa mfano, alikuwepo Abu Abdurrahmani Sulami, aliyekaa msikitini miaka mingi akisomesha, na Asim ni mwanafunzi wake. Masahaba wenyewe hawakusoma kwa namna moja. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Umar aliyemsikia Hisham bin Hakim akisoma sura ya Furqan ndani ya sala kwa namna asiyoijua. Alijizuia mpaka Hisham akatoa salamu, kisha akamkaba kwa nguo yake akampeleka kwa Mtume. Mtume akamsikiliza Hisham, akasema, "Hivyo ndivyo ilivyoteremshwa." Akamsikiliza Umar, akasema vile vile. Kisha akaeleza kwamba Kurani imeteremshwa kwa herufi saba, wasome ile iliyo nyepesi kwao.

Sasa tuwe waangalifu, maana hapa hata baadhi ya walimu wetu huchanganya. Herufi saba za hadithi na visomo saba ni vitu viwili. Herufi saba ni ruhusa ya zama za Mtume, na wanazuoni wamezifasiri kwa kauli nyingi sana. Visomo saba ni hesabu iliyokuja miaka mia tatu baadaye, na aliyeipanga ana jina na mahali: Abu Bakr Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, sawa na 936. Wakati wake walikuwepo wasomaji mashuhuri wengi. Yeye akachagua mmoja mmoja wa Madina, Makka, Basra na Sham, na watatu wa Kufa, akaandika kitabu juu ya hao saba. Hakudai kwamba wa nane ni batili. Abu Jaafar wa Madina hakumtia, na huyo alikuwa mmoja wa walimu wa Nafii. Wapo waliomlaumu Ibn Mujahid, akiwemo Mahdawi, kwa kuwa namba saba iliwafanya watu wa kawaida wadhani hizo ndizo zile herufi saba. Lawama hiyo naiona ya haki, kwani kosa lile lile tunalo mpaka leo. Baadaye Abu Jaafar na wawili wengine waliongezwa, na wanaosoma fani hii kwa ukamilifu husoma visomo kumi. Aliyevipa nguvu hivyo kumi ni Ibn Jazari, aliyefariki mwaka 833 wa Hijra (1429).

Kila msomaji kati ya saba anajulikana kwa wapokezi wawili. Kwa Nafii kuna Qalun na Warsh. Kwa Asim kuna Shuuba na Hafs. Ndiyo maana imamu wako alisema "Warsh" wakati kisomo ni cha Nafii; Warsh ni lakabu ya Mmisri aliyesafiri mpaka Madina kusoma kwake. Warsh ndiye anayesomwa Moroko, Aljeria na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi. Qalun yupo Libya na Tunisia. Kisomo cha Abu Amri kwa mapokezi ya Duri kimeshikwa Sudan, na Somalia kilizoeleka tangu zamani, kwa hiyo si kitu cha mbali na sisi hata kidogo. Kwingineko ni Hafs, na chapa ya Kairo ya mwaka 1924 ilizidi kumtandaza.

Je, mtu yeyote akikuta umbo linakubali usomaji wa pili, anaweza kuusoma? Hapana, na Baghdad ya Ibn Mujahid ilishuhudia kesi mbili zinazoonyesha mipaka ilivyokuwa. Mwaka 322 wa Hijra aliitwa msomaji mmoja, Ibn Miqsam, aliyekuwa akifundisha kwamba kila usomaji unaokubaliana na umbo la msahafu na ukawa Kiarabu sahihi unafaa, hata kama hakuna mwalimu aliyeupokea. Katika sura ya Yusuf, ndugu wa Yusuf walipokata tamaa, aya inasema "khalasu najiyya", walijitenga wakinong'onezana. Yeye akasoma "nujabaa", yaani watu bora. Umbo linakubali na neno ni la Kiarabu, lakini halikusikika kwa mtu. Akaamriwa atubu. Mwaka uliofuata akaja Ibn Shanabudh, ambaye kosa lake lilikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa na mapokezi, ila yalivunja umbo la msahafu. Katika aya ya Ijumaa, badala ya "fas-au ila dhikrillah" alisoma "famdhu". Neno hilo limepokewa kwa baadhi ya masahaba, lakini herufi zake hazimo kabisa katika misahafu ya Uthman. Alichapwa mbele ya waziri Ibn Muqla mpaka akakiri kuliacha. Wasimulizi wanasema alimwapiza waziri mkono ukatike, na kweli baadaye Ibn Muqla, ambaye alikuwa bingwa wa hati za Kiarabu, alikatwa mkono katika fitina za kisiasa.

Ukiziweka kesi hizo pamoja utapata masharti ambayo wanazuoni wanayataja hadi leo: kisomo kiwe na sanadi sahihi ya mapokezi, kikubaliane na umbo la mojawapo ya misahafu ya Uthman, na kiwe na njia katika Kiarabu. Ibn Miqsam alikosa la kwanza, Ibn Shanabudh la pili. Kisomo kisichotimiza husomwa vitabuni kama ushahidi wa tafsiri, lakini hakisomwi ndani ya sala.

Turudi kwenye swali lako la maneno au sauti. Vyote viwili, lakini si kwa kiasi kimoja. Sehemu kubwa ya unachokisikia kwa imamu wako ni sauti tu, kanuni zinazojirudia kila ukurasa bila kugusa maana. Akianza Baqara msikilize: sisi husema "yu-minuna" kwa kukata hamza, Warsh husema "yuuminuna" kwa kuvuta. Sisi husema "wabil aakhirati" kwa kutua kidogo kwenye lamu, yeye huiondoa hamza na kuiunganisha, "wabilaakhirati". Lamu ya "salati" huinenepesha, na mwisho wa neno kama "wadhuha" sauti ya "a" huielekeza kidogo upande wa "e". Hamza na Kisai huielekeza zaidi, mpaka mtu asiyezoea anadhani amesikia "wadhuhe". Ibn Kathir husema "alaihimuu" pale sisi tunaposema "alaihim". Hakuna hukumu wala habari inayobadilika hapo.

Kisha kuna maneno mahususi, moja hapa na moja pale, ambayo kweli yanabadilika. Fatiha ndiyo ya kwanza. "Maaliki" ni mwenye kumiliki siku ya malipo, na ndivyo tafsiri zetu za Kiswahili zinavyosema kwa kuwa zimefuata Hafs. "Maliki" ni mfalme wa siku hiyo. Si kila mwenye mali ni mfalme, na si kila mfalme anamiliki kilichomo ndani ya ufalme wake. Mwenyezi Mungu ana yote mawili. Na sifa zote mbili zimekuja kwingine bila hitilafu yoyote: katika sura ya Nnas wote saba husoma "maliki nnasi", na katika Aali Imran wote husoma "maalika lmulki". Kwa hiyo kila upande una aya ya kumshuhudia, na hakuna aliyeleta kitu kigeni.

Pengine tofauti iko kwenye nukta. Katika Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba akitujia fasiki na habari, "fatabayyanu". Hamza na Kisai husoma "fatathabbatu". Andika maneno hayo mawili bila nukta na utaona meno ni yale yale, kwa idadi ile ile. Kwa Kiswahili bahati yetu tunayo yote mawili: bainisheni, na thibitisheni. La kwanza ni kuichambua habari mpaka iwe wazi, la pili ni kutulia kwanza, usikurupuke mpaka ihakikike. Mtu akiambiwa jirani yake kaiba, anahitaji yote mawili.

Na mara chache tofauti ni herufi nzima iliyoandikwa. Misahafu ya Uthman yenyewe haikulingana kila mahali. Katika Aali Imran, "wasaariu ila maghfiratin", msahafu wa Madina na wa Sham haukuwa na wau ya mwanzo, kwa hiyo Nafii na Ibn Amir husoma "saariu" moja kwa moja. Katika sura ya Tauba, aya ya 100, Ibn Kathir husoma "tajri min tahtiha", na hiyo "min" wengine hawanayo, kwa sababu iliandikwa katika msahafu wa Makka. Imamu wako akifika "wasaariu" usidhani ameruka herufi. Kaisoma kama ilivyoandikwa kwao.

Nikupe aya moja tuiangalie kwa urefu, ile ambayo kisomo kinagusa hukumu ndani ya nyumba. Baqara, 222, inahusu hedhi. Wanaume wanaambiwa wasiwakaribie wake zao "hatta yat-hurna". Hivyo husoma Nafii, Ibn Kathir, Abu Amri, Ibn Amir, na Hafs kwa Asim. Maana yake ni mpaka watoharike, yaani damu ikatike. Hamza, Kisai, na Shuuba kwa Asim husoma "hatta yattahharna", kwa kushadidi ta na ha: mpaka wajitoharishe, yaani waoge. Umbo la herufi halibadiliki hata kidogo. Angalia pia kwamba Hafs na Shuuba ni wanafunzi wa mwalimu mmoja na wamesoma tofauti. Asim alikuwa na walimu zaidi ya mmoja, na imepokewa kwamba alimfundisha Hafs aliyoyachukua kwa Sulami kutoka kwa Ali, na akamfundisha Shuuba aliyoyachukua kwa Zirr kutoka kwa Ibn Masud.

Aya haikuishia hapo. Inaendelea, "faidha tatahharna faatuhunna", na wakishajitoharisha waendeeni. Neno hilo la pili wote saba wanalisoma kwa namna moja, na lina maana ya kuoga.

Sasa chukua mwanamke ambaye damu yake imekatika asubuhi siku ya sita. Kwa Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu pwani, na kwa Malik na Ahmad pia, mumewe hamkaribii mpaka aoge, au, kwa Shafii na Ahmad, atayamamu kama maji hayapatikani. Hoja yao ni kwamba hata ukisoma "yat-hurna", aya imeweka sharti la pili mara tu baada yake. Kukatika damu ni hatua moja, kuoga ni nyingine, na ruhusa imekuja baada ya zote mbili. Kisomo cha shada kwao kinalitia nguvu jambo hilo hilo.

Abu Hanifa alikwenda njia nyingine. Kwake hedhi haizidi siku kumi. Akaviona visomo viwili kama aya mbili, kila kimoja kikapewa hali yake. Damu ikikatika baada ya kutimia siku kumi, hakuna shaka kwamba hedhi imekwisha, basi "yat-hurna" inatosha: mume anaruhusiwa hata kabla ya kuoga, ingawa kuoga kwanza ndiko bora. Ikikatika kabla ya kumi, inaweza kurudi, na hapo "yattahharna" inashika: mpaka aoge, au upite wakati wa sala ambayo sasa imekuwa deni juu yake. Mwanamke wetu wa siku ya sita kwa hiyo anaoga kwa madhehebu zote, na hitilafu inaonekana kwa yule ambaye damu imemfikisha siku ya kumi.

Watu hupenda kusema kwamba kila imamu wa fiqhi alifuata kisomo cha mji wake na hukumu ikatoka humo. Aya hii inawakatalia. Shafii alisoma Kurani Makka kwa njia ya Ibn Kathir, anayesoma bila shada, naye ndiye anayeshurutisha kuoga. Abu Hanifa alikuwa Kufa, mji ambao shada ilivuma, naye ndiye aliyelegeza. Hawakuchagua kisomo kimoja wakakitupa kingine. Kila mmoja alilazimika kutoa maelezo yanayovibeba vyote viwili, kwa sababu vyote kwao vilikuwa Kurani. Ni vivyo hivyo katika aya ya udhu, Maida 6, ambapo "arjulakum" na "arjulikum" vyote vimo ndani ya saba. Ibn Kathir, Abu Amri, Hamza na Shuuba husoma kwa kasra, jambo ambalo kwa dhahiri linaunganisha miguu na kichwa kinachopakwa maji. Wanazuoni wa Kisunni hawakukikataa kisomo hicho, wengine walikipeleka kwenye kupaka juu ya khofu mbili, wengine wakakieleza kwa lugha, na wajibu wa kuosha wakautoa kwa kisomo cha fataha na kwa hadithi ya "ole wao visigino kwa moto." Mashia wao wameshika kupaka.

Juu ya bismillahi. Hili ni la fiqhi zaidi kuliko kisomo, ingawa yana undugu. Fatiha ni aya saba kwa wote. Katika hesabu ya Makka na ya Kufa, bismillahi ni aya ya kwanza. Katika hesabu ya Madina haihesabiwi, na ile aya yetu ndefu ya mwisho inakatwa mara mbili, "anamta alaihim" ikawa mwisho wa aya ya sita. Wamaliki, ambao ndio Wamoroko, mashuhuri kwao ni kutoisoma kabisa katika sala ya faradhi, na wapo wanaoisoma kimya. Kwetu Mashafii ni lazima. Katika vitabu vyetu kuna hitilafu kama anayezingatiwa ni imamu kwa itikadi yake au maamuma kwa itikadi yake, na kauli ya pili ndiyo kali. Mimi nafuata ya kwanza: sala iliyo sahihi kwa imamu ni sahihi kwangu nyuma yake, na wewe katika Fatiha yako mwenyewe isome bismillahi kama ulivyofundishwa.

Utajuaje basi kama imamu amekosea au ni kisomo? Kwanza sikiliza kama ana msimamo. Anayesoma Warsh husoma Warsh tangu Fatiha mpaka mwisho, hamza zinapotea pale pale zinapotakiwa kupotea. Pili, yapo makosa ambayo hakuna msomaji yeyote aliyeyasema. Akisema "anamtu" kwa dhuma badala ya "anamta", amegeuza "uliowaneemesha" kuwa "niliowaneemesha", na hilo si Warsh wala si mwingine. Hapo anasahihishwa, na asiporudia kwa usahihi Fatiha yake ina dosari ya kweli.

Mwanao mwache aendelee, kwa sharti moja: awe na mapokezi mamoja mpaka akomae. Hatari hapa ni kuchanganya, na nyumbani ndiko kunakochanganyika, kwa sababu shule ni Warsh na simu ya baba ni Hafs. Mahali pengi mchanganyiko unaharibu tajwidi tu. Pengine unaharibu sentensi. Katika Baqara sisi husoma "fatalaqqa Aadamu min rabbihi kalimaatin", Adamu akapokea maneno kutoka kwa Mola wake. Ibn Kathir husoma "fatalaqqa Aadama min rabbihi kalimaatun", maneno yakamfikia Adamu. Mtoto akichukua "Aadamu" ya huku na "kalimaatun" ya kule, amepata watendaji wawili na hakuna anayetendewa, na wanazuoni wamelikataza waziwazi jambo kama hilo.

Mnunulie msahafu wa Warsh; Madina wanachapa, na jina la mpokezi huandikwa ndani kwenye maelezo ya mwisho wa msahafu, pengine na jaladani pia. Kwenye programu ya simu tafuta sehemu ya kuchagua msomaji na uhakikishe imeandikwa "Warsh". Ukimsikilizisha masomo yake ukiwa na msahafu wako wa Hafs, namba za aya zitakupotosha: Baqara kwako ina aya 286 na kwake ina 285, kwa kuwa "Alif lam mim" kwao haihesabiwi peke yake. Mtajie maneno ya mwanzo wa aya, si namba, na akisoma "saariu" bila wau usimpige kidole.